Kwa nini "mbwa" lilimwondoa fundi kibandani, na "punda" halikukuondoa wewe

*Mwalimu, nina kibanda cha kutengeneza simu Luthuli Avenue, Nairobi, nafanya kazi na kijana kutoka Mji wa Kale, Mombasa. Mimi nimekulia Kayole, na kwetu "umbwa" ni kama salamu. Wiki jana alipasua kioo cha simu ya mteja nikamwambia, "Umbwa hii, unanitia hasara!" Akaweka bisibisi mezani, akachukua mkoba wake akaenda, na hajarudi. Kinachonishangaza ni kwamba yeye huniita punda kutwa nzima na mimi nacheka tu. Si wote ni wanyama? Mbona mbwa awe na uzito hivyo? Na nikimpata nimwambie nini?*

Jaribu kumalizia sentensi hizi mbili haraka, bila kufikiri: "Anafanya kazi kama…" na "Walimfukuza kama…"

Ya kwanza umemalizia kwa punda, ya pili kwa mbwa. Endelea kidogo: alikufa kama mbwa, alizikwa kama mbwa, alitupiwa makombo kama mbwa. Sasa sikiliza vitenzi vyenyewe. Punda katika Kiswahili anatenda: anabeba, anavuta, anapiga mateke, anagoma katikati ya barabara. Mbwa anatendewa: anafukuzwa, anatupiwa, anapigwa. Ukimwita mtu punda umemsema tabia, kwamba ni mkaidi, au mzito wa kuelewa, au anafanyishwa kazi bila shukrani. Ukimwita mbwa hujamsema tabia yoyote. Umemwambia anastahili kutendewaje, na mahali pake ni wapi.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa, na inaeleza kwa nini mmoja wenu alicheka na mwingine akabeba mkoba. Tusi la tabia lina mlango wa kutokea. Mtu anaweza kulibishia ("mimi si mjinga, ni wewe hukueleza vizuri"), anaweza kulirudisha, anaweza hata kulikubali nusu. Tusi la mahali halina mlango. Huwezi kujitetea kwa kusema "mimi si wa kufukuzwa," kwa sababu hata kulisema hilo ni kujishusha. Kinachobaki ni kupigana au kuondoka. Fundi wako aliondoka, nami nampa heko.

Sasa tuje kwa nini mahali pa mbwa kwao ni chini kuliko mahali pa mbwa Kayole. Kwa kuwa umetaja Mji wa Kale, nachukulia kijana ni Mwislamu aliyelelewa katika nyumba za Waswahili wa pwani. Si kila mtu wa Mombasa yuko hivyo, na ukimtukana Mgiriama Mkristo wa Kaloleni hesabu itakuwa nyingine. Lakini katika nyumba hizo Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, na katika madhehebu hayo mbwa na nguruwe wamewekwa katika daraja la najisi nzito. Najisi ya kawaida, kama damu, unaiosha kwa maji mpaka iondoke. Najisi ya mbwa haiondoki hivyo. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo maji yachanganywe na udongo. Nguo iliyoguswa na mbwa mwenye maji hushughulikiwa vivyo hivyo kabla hujaivaa kusalia. Kikavu kikigusa kikavu hakuna tatizo, na mwanachuoni yeyote atakuambia hivyo, lakini mtoto aliyekua akiambiwa "tazama mbwa asikuguse!" hangoji kupima ukavu. Anaruka pembeni.

Fikiria maana ya hayo kwa mtoto wa miaka saba. Anajifunza udongo wa mara moja kati ya mara saba kabla hajajifunza tusi lenyewe. Mwili wake umeshajua kujitenga na mbwa kabla sikio lake halijasikia mtu akiitwa mbwa. Ndiyo maana methali ya huko haisemi mbwa ni mjinga wala mchoyo. Inasema: mchezea mbwa huingia naye msikitini. Kosa la mbwa katika methali hiyo si tabia. Kosa ni kwamba amevuka kizingiti.

Usinielewe vibaya kwamba dini inamchukia mnyama huyu. Mafundisho hayohayo yanasimulia mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alimteremkia kisimani mbwa mwenye kiu akamnywesha maji, na windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa ni halali. Hata wale vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf walikuwa na mbwa wao, na anatajwa kwa heshima. Lakini tazama alilala wapi: kizingitini, amenyosha miguu yake ya mbele. Mbwa mwema kuliko wote bado yuko mlangoni. Kwa hiyo "umbwa hii" kwenye sikio la kijana wako haikusikika kama "wewe ni mkorofi". Ilisikika karibu na hivi: wewe ni wa nje, ukigusa chombo changu nitakiosha mara saba.

Na hapa lazima nikuonyeshe mpaka wa maelezo haya, maana watu huyachukua wakayafanya ufunguo wa kila kufuli. Katika madhehebu ya Maliki, yanayofuatwa Moroko na sehemu kubwa ya Afrika Magharibi, mbwa aliye hai si najisi. Kama unajisi peke yake ndio ungelifanya tusi kuwa zito, basi Mmoroko akiitwa mbwa angecheka. Hacheki. Huko pia ni tusi la kuleta ugomvi. Sheria ya tohara inaongeza uzito, lakini chini yake kuna kitu kipana zaidi: mbwa ni mnyama anayeishi na watu bila kuhesabiwa miongoni mwao. Anakula kilichobaki, analala nje ya mlango, anamfuata anayempiga. Jamii yoyote iliyo na mtu wa namna hiyo, mtumwa, kibaraka, mtu wa kutumwatumwa, inakuwa na neno tayari la kumwita.

Mwanaanthropolojia Mwingereza Edmund Leach aliliuliza swali lako mwaka 1964, kwa namna yake. Alijiuliza kwa nini kwao mtu akiitwa mtoto wa mbwa anaghadhibika, lakini akiitwa mtoto wa kangaruu hakuna maana yoyote inayotoka. Jibu lake lilikuwa kwamba wanyama wa matusi ni wale walio karibu nasi mno, wanaokaa kwenye mpaka kati ya nyumba na nje, si watu na si wanyama kamili. Wa mbali hawatukani. Jaribu mwenyewe: mwite mtu pundamilia hapo Luthuli uone kama atakasirika au atakuuliza unaumwa wapi.

Maelezo ya Leach yalipingwa baadaye, na mimi mwenyewe siyamezi yote, kwa sababu ya fisi. Fisi halali nyumbani kwa mtu. Ni wa porini, lakini Nairobi nzima inajua fisi ni mwanamume mwenye tamaa ya wanawake, na kuna wakati vijana walijigamba hadharani kuwa wao ni wa timu ya mafisi. Kwa hiyo ukaribu si kila kitu. Lakini wazo lake la mpaka linafaa sana kwa mbwa, kwa sababu kila jamii imeuchora mpaka huo mahali tofauti. Mji wa Kale umechorwa kizingitini. Kileleshwa kuna nyumba ambazo mbwa amevuka kizingiti, amepanda kochi, ana daktari wake na siku yake ya kuzaliwa. Kayole umechorwa getini.

Na geti ndilo linalonileta kwa neno lako mwenyewe, "umbwa hii". Umeona vibao vya geti za Nairobi vilivyoandikwa "Mbwa Kali"? Miaka yote niliyofundisha Kiswahili vibao hivyo vilinikera, kwa sababu sarufi sanifu inataka "Mbwa Mkali". Wanyama katika Kiswahili sanifu hupewa upatanisho wa watu: mbwa huyu amelala, mtu huyu amelala. Sarufi yenyewe imewaweka safu moja nasi. Nairobi imewatoa kwenye safu hiyo. Huku ni mbwa hii imelala, kama vile kiti, hapana, kama vile meza hii imevunjika. Ukisema "mbwa wewe" umemtukana mtu kwa mnyama, lakini "wewe" bado imemwacha kuwa mtu unayezungumza naye. Ukisema "umbwa hii" umemwondoa hata kwenye "wewe". Umemnyooshea kidole kama kitu kilicho mezani, mbele ya mteja.

Najua hukukusudia hivyo. Kwenu muundo huo umezoeleka. Wagikuyu wana "ngui ino", ambayo ni hiyohiyo "mbwa hii" neno kwa neno, na watoto wa Kayole wanalelewa kati ya lugha tano zinazosukumana. Neno likipita vinywani vya marafiki mara mia kwa siku, makali yake yanaisha, linabaki kama "wee!" tu. Kwenu uzito umehamia kwingine. Mwanamume wa Kigikuyu unaweza kumwita mbwa mkacheka wote, lakini mwite kihii, yaani mvulana asiyetahiriwa, naye ni baba wa watoto watatu, halafu ujiangalie. Kila jamii ina kiti kimoja cha tusi zito kuliko yote, na aliyekikalia si lazima awe mnyama. Kijana wako alikuja Nairobi na kiti chake kimekaliwa na mbwa. Chako kimekaliwa na mwingine, ndiyo maana hukuona ulichokanyaga.

Nilijifunza jambo hili kwa aibu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mkalimani mahakamani hapa Nairobi, nikiwatafsiria mashahidi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Siku moja alisimama kizimbani mama wa makamo, mtu wa Lamu, katika kesi ya ugomvi wa majirani wawili wa ploti moja. Wakili akamuuliza mshtakiwa alimwambia nini. Mama akasema, "Kaniita yule mnyama." Mnyama gani? Akanyamaza. Hakimu akamwambia lazima alitaje ili liandikwe. Akainamisha kichwa akasema, "Hashakum, mbwa."

Mimi nikatafsiri: alimwita mbwa. Basi. Hashakum nikaiacha, kwa sababu Kiingereza hakina neno la kuisimamia, nami nilikuwa na haraka. Wakili wa upande wa pili akatabasamu, akauliza kama mahakama imeketi kwa sababu mtu aliitwa mbwa. Katika sikio la Kiingereza cha Nairobi alikuwa na haki ya kutabasamu. Lakini yule mama alikuwa ameomba radhi kwa mahakama kabla ya kulitamka neno lile, kama mtu anayefunika pua kabla ya kufungua choo, na radhi hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mimi ndiye niliyeitupa. Sheria yetu ya Kanuni za Adhabu, katika kifungu cha 94, haina orodha ya wanyama waliokatazwa. Inaangalia maneno ya matusi hadharani ambayo yanaweza kuvunja amani. Kwa hiyo linalohusu ni neno lilitua vipi kwa yule aliyelisikia, na hilo ndilo nililolipoteza njiani.

Sasa punda, kwa sababu umemuuliza naye. Kitabu kitukufu hakikumsifu. Katika Sura ya Al-Jumua kuna mfano wa punda aliyebeba vitabu bila kujua kilichomo, na katika Luqman sauti yake inatajwa kuwa mbaya kuliko sauti zote. Uarabuni, Uturuki na India neno hilo linauma kuliko linavyouma huku, kwa sababu linagonga akili ya mtu moja kwa moja. Lakini ukiwa umelelewa pwani umemwona punda kwa ukaribu mwingine. Lamu ndiye lori: mawe ya matumbawe, mchanga, saruji, magodoro ya bibi harusi, vyote vimepita mgongoni mwake katika vichochoro ambavyo gari haliingii. Unamgusa, unampanda, unamsukuma apishe njia, kisha unakwenda kusali bila kufua nguo mara saba. Unaweza kumlaumu kwamba shukrani zake ni mateke, lakini lawama hiyo ni ya mtu wa karibu.

Na Nairobi nako tumempokea. Wananchi wakichoshwa na kodi wanasema "punda amechoka", na punda huyo ni wao wenyewe. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko nadharia nyingi: je, watu hujiita mnyama huyo wenyewe wakiwa wanalalamikia haki yao? Punda, ndiyo. Hujasikia mkutano wa hadhara ukipiga kelele "mbwa amechoka". Mbwa hana haki ya kuchoka. Kijana wako anapokuita punda anakuona ukiinama juu ya simu tangu saa mbili asubuhi mpaka usiku, na utani wake una sifa ndani yake. Nitaongeza tahadhari moja: anayekuita punda ni mdogo kwako. Wewe bosi ukimwita yeye punda, utani huo unakuwa nusu tu, maana mzigo anaoubeba ni wako.

Nguruwe sitakaa naye sana. Kwa Mshafii yuko daraja moja na mbwa kwa unajisi, na juu ya hilo haliwi, basi tusi lake ni zito mara mbili. Watanzania wamelikwepa hata jina lenyewe: Dar es Salaam nyama yake inaagizwa kama kitimoto, na wateja wanaelewana. Huku kwetu anafugwa kibiashara, anachomwa, na "nguruwe" ni mtu mchafu au mlafi, tusi la tabia tu. Wajerumani wana mambo yao: kusema mtu "alikuwa na nguruwe" maana yake alibahatika, na mwaka mpya wanapeana vinguruwe vya peremende ya lozi kutakiana heri, halafu watu haohao wakitaka kutukana vibaya wanaunganisha nguruwe na mbwa katika neno moja. Mnyama mmoja, nchi moja, maana mbili, na hakuna anayechanganyikiwa.

Nyani na tumbili ndio wanaohitaji maneno zaidi, kwa sababu kipimo changu cha tabia na mahali kinakatika kwao. Katika Kiswahili nyani ni mwizi wa mahindi na mtu asiyeona kosa lake. Nyani haoni kundule, tunaambiana hivyo hata kikaoni na hakuna anayesimama. Nairobi watoto wanaitana "nugu" shuleni tangu asubuhi. Mama anamkemea mwanawe aliyekwea friji: shuka hapo, tumbili wewe. Yote haya ni tabia, na mepesi.

Januari 2018 duka la nguo la Kiswidi, H&M, liliweka mtandaoni picha ya mtoto mweusi amevaa sweta lenye kofia, kifuani pameandikwa kwa Kiingereza kwamba yeye ndiye tumbili bomba kuliko wote msituni. Dunia ikawaka. Kampuni ikaomba radhi na kuondoa nguo hiyo, wanamuziki wakubwa wa Marekani na Kanada wakavunja mikataba nayo, na Afrika Kusini waandamanaji wakaingia madukani wakabomoa rafu. Kisha mama wa mtoto akazungumza. Alikuwa mzaliwa wa Kenya anayeishi Sweden, na aliandika kwamba hilo lilikuwa vazi moja tu kati ya mamia aliyopigwa nayo picha mwanawe, na kwamba watu waache kulalamika bure. Alishambuliwa sana kwa maneno hayo, akaitwa mjinga na mbaya zaidi.

Hakuwa mjinga. Alisikia neno kwa sikio la nyumbani, ambako tumbili ni mtoto mtundu. Waliokasirika walilisikia kwa historia. Kwa karne nzima na zaidi, watu weusi walichorwa na kuelezwa na wazungu kama nyani, katika vitabu vilivyojiita vya sayansi na katika vibonzo vya magazeti, ili ionekane ni sawa kuwatumikisha na kuwatawala. Mpaka leo katika viwanja vya mpira vya Ulaya kuna mashabiki wanaoiga sauti ya nyani mchezaji mweusi akigusa mpira. Tusi la namna hii halitoki kwa tabia ya mnyama wala kwa kizingiti cha nyumba. Linatoka kwa nani alimwambia nani, akiwa na nguvu gani mkononi. Ndiyo maana "nugu" ya mtoto kwa mtoto pale Kayole ni mchezo, na neno hilohilo kutoka kwa meneja wa kigeni kwa mfanyakazi wake wa Nairobi ni jambo la kuandikiwa barua na kufika mbali. Mnyama ni yuleyule. Mdomo umebadilika.

Narudi kwenye kibanda. Kuna mambo mawili usiyaseme ukimpata. Usimwambie "nilikuwa natania", kwa sababu hukuwa unatania, ulikuwa umekasirika kwa kioo kilichopasuka na yeye anajua. Na usimwambie "kwetu tunaitana hivyo". Ni kweli, lakini atakachosikia ni kwamba unamwona mshamba wa Kiswahili cha Nairobi, na kwamba utamwita hivyo tena.

Mwambie kilichotokea kwa lugha yake. Pwani tusi halipimwi kwa neno peke yake, linapimwa kwa nani alikuwepo. Kwa hiyo sema: "Nilikuvunjia heshima mbele ya mteja. Niwie radhi." Maneno "mbele ya mteja" usiyaruke, hayo ndiyo yanayomwonyesha kwamba umejua umekosa wapi. Kama ana mjomba au mzee yeyote anayemheshimu hapa Nairobi, mtangulize huyo amwambie unakuja, usimvamie. Usiende na hesabu ya kioo mfukoni. Kioo kina siku yake, na ukivichanganya siku moja ataona umekuja kudai, radhi ni kisingizio. Na ukiweza, mteja yule akirudi kuchukua simu, msifu fundi wako mbele yake kwa kitu cha kweli alichokifanya vizuri, kwa sauti ya kawaida, bila hotuba. Heshima iliyovunjwa hadharani haitengenezwi chumbani tu.

Akikuambia "yaishe", yameisha, usimuulize mara ya pili kama kweli amesamehe. Msikilize tu asubuhi ya kwanza atakaporudi kazini. Akikuita bosi, bado kuna kitu. Akikuita punda, mpe bisibisi yake muendelee na kazi.